Sista Naswa na Bendera Zake

Elsie Naswa aliitwa mchana kutwa na bado hakuwa na wa kumwita kwa jina. Wagonjwa walimwita Sista, madaktari Sista, na hata yule mbwa wa landilodi wake pale mtaani Migosi, kama angejaliwa mdomo wa kusema, angesema Sista, leta mfupa. Mtu wa mwisho kumwita Elsie alikuwa Dorca, na Dorca alishapanda ndege akaenda zake Uingereza.

Walikuwa wameanza wote wawili. Kila wakitoka kazini waliingia saiba ya Muhidin, duka lake la kompyuta za kukodi kwa saa, huyu kompyuta ya dirishani, yule ya pembeni yake, wakijizoeza ule mtihani wa Kiingereza ambao muuguzi asipoufaulu, kule ng'ambo hawamtaki hata wa kufagia wodi. Dorca akapita. Naswa akaangushwa na sehemu moja tu, kusoma. Kusikiliza alikuwa sawa, kuandika sawa, na kuongea ndiyo usiseme: mtu anayeishi na sufuria mbili akipata binadamu wa kumsikiliza, hata kama ni mtahini, hamwachi kwa urahisi.

Sasa sauti ya Dorca ilikuja kwa simu. "Elsie, nimepata nyumba ya vyumba viwili. Kimoja chako. Lakini mwenye nyumba anataka jina la mtu wa pili kabla ya mwezi huu kuisha. Ukirudia mtihani Jumamosi ukapita, naandika lako. Usipopita, kuna dada wa Zimbabwe ananililia. Fanya bidii, mama, huku mtu unaweza kumaliza wiki unaongea na birika."

Naswa alicheka. Birika la kwake lilikuwa limeshazoea.

Shida yake ya kwanza ilikuwa pumzi ya kusoma. Kazi ya wodi haimwachi mtu asome ukurasa hadi mwisho. Unashika chati, mistari miwili, kitanda cha kona kinaita. Unarudi, mstari mmoja, dripu imeisha. Miaka yote hiyo kichwa chake kilijifunza kusoma kwa kudonoa kama kuku. Halafu mtihani unamwekea habari tatu ndefu, za barafu, za nyuki, za watu waliobuni vioo, na saa moja ya kuzimaliza. Habari ya kwanza aliila vizuri. Ya pili, macho yanasoma, kichwa kimeshaenda kuangalia dripu. Akifika chini ya aya hakumbuki nyuki walikuwa wanafanya nini.

Kwa hiyo tangu aanguke alikuwa anajipimia kama dawa. Wiki ya kwanza habari moja bila kuinuka, iliyofuata mbili, halafu zote tatu mfululizo. Simu aliifungia kwenye droo ya Muhidin.

Shida ya pili ilikuwa kidole. Karatasini aliufuata mstari kwa kidole. Kwenye skrini kidole kiliacha mafuta ya mandazi.

"Sista," Muhidin alimwambia kutoka kwa kaunta, "hicho kioo si mgongo wa mgonjwa. Usikipapase."

"Mzee Muhidin, ungekuwa mgonjwa wangu ningekudunga sindano ya pili bure."

Akajifunza. Habari iko kushoto, maswali kulia, na kila upande unateremka peke yake, kwa hiyo unaweza kushusha habari bila kupoteza swali. Neno la maana unalipaka rangi kwa kipanya. Chini kabisa kuna safu ya namba za maswali: ukibonyeza namba, unapelekwa kwenye swali lake. Na swali likikushinda, unaliwekea alama ili ulirudie. Yeye na Dorca waliziita bendera.

Naswa alizipenda bendera hizo kupita kiasi. Siku mbili kabla ya mtihani alikaa akafanya jaribio zima, pumzi ikatosha, nyuki hawakumtoroka. Kila alipokuwa na shaka alipiga bendera, akaacha pengo, akasonga mbele. Alipomaliza habari ya tatu, akashika njia kurudi kwenye bendera zake. Hajafika hata ya tatu, skrini ikajifunga yenyewe. Muda umekwisha.

"Ehe?" Muhidin akauliza.

"Niliyojibu, karibu yote nimepata."

"Kumbe umepita!"

"Sikupita. Nimeacha mengine wazi."

"Ukikosea wanakukata?"

"Hawakati."

"Sasa si ungeweka tu chochote, Sista?"

Naswa akageuka na kiti chake. "Mzee, mimi nikiandika presha ambayo sijapima, mtu anakufa. Kitu sijaona, siandiki. Ndivyo nilivyofundishwa."

Muhidin akaitazama saiba yake. Kompyuta ya pembeni mwa Naswa, ile aliyokuwa akikalia Dorca, ilikuwa na karatasi imebandikwa tangu Dorca aondoke: MBOVU. Nyingine hazikuwa na mtu.

"Na hapa," akasema polepole, "atakufa nani?"

Naswa akainuka. Alilipa, akachukua simu yake, akaenda nyumbani kupika ugali wa mtu mmoja, ambao kila siku ulizidi.

Ijumaa alirudi kufanya tofauti. Swali gumu: kwanza weka jibu linaloonekana karibu na ukweli, halafu bendera, halafu mbele. Jibu la kwanza la kubahatisha lilimtoa jasho. Alijiona kama mtu anayejaza chati akiwa nyumbani. La pili likauma kidogo. Kufikia la nne alikuwa anabahatisha bila haya, kama mtu anayetafuta mchumba.

Jumamosi, kwenye chumba cha mtihani, watu walikaa kila mmoja na kizuizi chake pembeni, hakuna anayemwona mwenzake. Wengine walionekana kuteseka. Naswa akawaza: hata nyumbani nakaa hivi. Akasoma. Kichwa kilipoanza kutoka kwenda wodini, alikishika mkono akakirudisha kwenye aya. Alipofika mwisho, safu ya chini haikuwa na pengo hata moja, bendera nne tu. Ya kwanza akairekebisha, maana jibu alilikuta mbele kidogo. Ya pili akaiacha vile vile. Alikuwa anaisoma ya tatu skrini ilipojifunga, na safari hii hakuna aliyekufa.

Matokeo aliyafungulia saiba, siku chache baadaye. Alitazama namba ya kusoma, akaipitia tena kwa kidole kiooni, na Muhidin hakumkataza.

"Nimepita."

Alimpigia Dorca. Dorca akapiga yowe mpaka simu ikakwaruza, "Elsie! Elsie!", halafu akasema yuko zamuni, kengele inaita, akakata.

Muhidin alikuwa ameshatoka kaunta. Mkononi alikuwa na karatasi na gundi, na kwenye karatasi ameandika kwa herufi kubwa: MBOVU.

"Ya nini hiyo? Kompyuta yangu ni nzima."

"Najua."

Naswa akamtazama, halafu akaitazama ile ya Dorca. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Mashine ikavuma, ikawaka vizuri kabisa.

"Ilipona lini hii?"

"Haijawahi kuugua," Muhidin akasema, akiangalia pembeni. "Watu wangeikalia tu, wakuchezee miziki sikioni. Halafu... nilikuwa nimezoea kuwaona wawili."

Naswa akasimama. Akachukua ile karatasi mpya mkononi mwa Muhidin, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare.

"Bado sijaenda," akasema. "Karatasi za kusafiri huchelewa. Jumapili nitakuja."

"Kufanya nini, na umeshapita?"

"Kukaa. Na wewe, Muhidin, mimi naitwa Elsie."

Mzee akarudi nyuma ya kaunta yake, akafungua ile droo ya simu ya Elsie, akaiacha wazi kungojea Jumapili. Ndani hapakuwa na kitu.