Sabuni Haiozi

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usipate taabu ya kumtafuta.

Duka ni la mke wangu. Mimi ni fundi viatu, na meza yangu iko barazani pake. Kwa hiyo nasikia biashara yote, na mtu anayesikia biashara yote hudhani anaijua. Mke wangu alipokwenda kumuuguza mama yake kwa siku mbili, aliniachia ufunguo, elfu sitini na maagizo mafupi.

"Baba watoto, sabuni za kuogea nunua dazani moja. Hela itakayobaki yote iende kwenye sukari na majani ya chai. Sukari usinisahaulie. Mama Chai anapita kila asubuhi."

"Mimi ni mtoto?"

Akanitazama juu mpaka chini, akachukua mkoba wake. Ningekuwa na akili, mtazamo ule ningeuelewa.

Mama Chai huuza chai kwenye lango la gereji, na mafundi wa gereji hunywa chai tamu kama wanalipwa kwa kijiko. Sukari anayochukua kwetu ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Ng'ambo ya barabara kuna duka la bwana mmoja tunayemwita Kilakitu, kwa sababu ukimuuliza chochote hujibu "kipo". Alikuwa akimtamani Mama Chai kama paka anavyomtamani samaki wa jirani.

Nikafika duka la jumla. Mwenye duka, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, akanitajia bei: dazani elfu tisa na mia sita, katoni ya dazani sita, elfu hamsini na nne.

Nikahesabu kwa vidole, vikaisha, nikarudia. Kwa dazani, kipande ni mia nane. Kwa katoni, mia saba na hamsini. Na sisi tunauza elfu moja! Kumbe miaka yote hii mama watoto anatupa hamsini kwa kila kipande!

"Lete katoni," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye magari.

"Kwa wiki mnauza ngapi?" mzee akauliza.

"Dazani moja hivi, wiki ikiwa nzuri."

"Basi hiyo ni wiki sita."

"Mzee wangu, sabuni haiozi."

"Haiozi," akasema, akapokea hela. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kugombana na noti.

Zilibaki elfu sita. Nikanunua majani ya chai. Sukari nikaiambia itasubiri, sabuni zikianza kutoka nitairudia. Nikarudi na katoni begani, natembea kifua mbele kama nimeoa mara ya pili.

Tatizo la kwanza: duka letu ni dogo, ukipiga chafya unabadilisha mpangilio wa rafu. Katoni ilikataa kila mahali. Mwisho nikaibana kwenye kona kavu, juu ya debe la majani ya chai ambayo mke wangu huyafunga kwenye vikaratasi. Kifuniko cha debe kilipotea zamani. Nikaona katoni yenyewe itakuwa kifuniko. Nikajisifu tena! Nikaifungua chini ili nichomoe sabuni kwa urahisi.

Asubuhi Mama Chai akaja. "Kaka, sukari."

"Sukari kesho. Majani yapo."

Akachukua majani, akavuka barabara, akanunua sukari kwa Kilakitu. Nikamwona Kilakitu anamfungia kwa mikono miwili, kama anamfungia zawadi.

Siku hiyo niliuza sabuni tatu. Nikimwambia mteja "chukua mbili", ananiangalia. "Fundi, mimi nina mwili mmoja."

Mke wangu alirudi kesho yake, na hata kanga ya safari hajaivua Mama Chai akaingia na chupa yake ya chai. Akaiweka kauntani kama polisi anaweka ushahidi.

"Wifi, onja."

Mke wangu akaonja. Uso wake ukapita hatua kadhaa.

"Mafundi wananiuliza tumekuja kunywa au kuoga," Mama Chai akasema. "Mmoja amedai taulo. Mimi nacheka hapa, lakini sufuria nzima nimemwaga. Na sukari jana sikupata, leo sioni. Kilakitu ameahidi kuniletea mpaka kwenye meko. Wifi, tumetoka mbali, ndiyo maana nimekuja kukwambia kwanza. Kesho alfajiri nikikosa sukari hapa, nimehama. Sirudi."

Akaondoka. Mke wangu akaiinua katoni, akainama kwenye debe, akanusa. Akaninusa na mimi.

"Nilikwambia dazani ngapi?"

"Sikiliza hesabu kwanza. Kila kipande nimeokoa hamsini. Mara sabini na mbili, elfu tatu na mia sita! Hizo ni hela za bure."

"Ziko wapi?"

"Zitakuja."

"Lini?"

"Sabuni zikiisha."

"Yaani wiki ya sita." Akavuta kiti, akakaa, dalili mbaya. "Sukari ya elfu arobaini na tano kwangu inaisha kwa wiki, na inaniachia elfu tano. Wiki ijayo naizungusha tena hela ileile. Wewe umeichukua hela yenye miguu, ukaikalisha juu ya debe. Ningekuwa nauza katoni kwa wiki, ningenunua katoni. Mimi si kwamba sijui bei, baba watoto. Mimi najua spidi ya duka langu."

"Lakini kwa kipande—"

"Beba."

"Nibebe nini?"

"Dazani nne. Nenda kaziuze, urudi na hela ya sukari. Sizitaki hadithi."

Watu wa nyumba ya wageni ya pale kona walichukua mbili, kwa elfu tisa tisa, maana kwa bei ya dazani wangeenda wenyewe duka la jumla. Zilizobaki, hakuna aliyezitaka. Nikasimama barabarani, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikavuka kwa Kilakitu.

"Karibu, fundi! Kipo!"

"Leo nauza mimi."

Alipomaliza kucheka, akafuta macho. "Elfu tisa dazani."

"Hiyo ndiyo bei niliyonunulia!"

"Najua. Bei ya katoni, na katoni sijabeba. Mungu akupe nini tena?" Akanihesabia elfu kumi na nane polepole ili nizifurahie.

Nikanunua sukari ya elfu thelathini na sita, jasho lote langu. Majani yenye manukato tuliyamwaga. Mapya mke wangu aliyanunua kwa mauzo ya siku, akayaweka mbali na sabuni kama mahasimu. Alfajiri Mama Chai akaja, akafungua mfuko wa sukari, akanusa kwanza, akanikazia macho, ndipo akalipa. Ng'ambo, Kilakitu alikuwa amesimama mlangoni na kilo zake mkononi. Akazirudisha ndani.

Hapo mtu mwenye busara angeshika gundi na nyundo yake akanyamaza. Mimi nilishona kisigino kimoja, nikatazama zile dazani mbili kasoro zilizobaki, roho ikaniuma.

"Hata hivyo, mama watoto," nikasema, "ukweli usemwe. Tungekuwa na subira tu. Sabuni haiozi."

Hakugeuka. Alikuwa anapima sukari.

"Na jiwe haliozi. Mbona hatuuzi mawe?"