Sindano Arobaini, Mstari Mmoja

Siku ya kupokea dawa sipendi kusemeshwa. Dereva aliyeshusha mzigo pale stoo ya kituo chetu cha afya alinisihi mara tatu: "Dada Aurelia, saini basi, Mlimba wananisubiri." Nikamjibu haraka haraka haina baraka, akae asubiri.

Hati za mzigo zilikuwa tatu, za wasambazaji watatu. Wawili wameleta sindano ile ile ya kuzuia damu kwa akina mama wanaojifungua. Mmoja kaandika maboksi matatu, mwingine vichupa thelathini. Niligeuza maboksi kuwa vichupa, kumi kwa boksi, lakini kwenye orodha yangu kila hati ilipata mstari wake: vilivyoandikwa, vilivyofika, vilivyopungua, vilivyoharibika. Hati ya kwanza, pungufu viwili. Ya pili vimetimia, ila barafu ya kasha imekuwa maji na kipimajoto kinasoma nyuzi ishirini na saba, na sindano hii ikipata joto hupoteza nguvu. Nikaandika thelathini vimeharibika, nikavitenga. Dereva akaguna. Na agune.

Masika iliyopita sikufanya hivyo. Hati mbili za sindano hiyo nilizijumlisha katika mstari mmoja: sindano zimeandikwa arobaini, zimefika arobaini, tiki. Kumi zilifika za moto. Nilizigusa kwa mkono huu, nikasema nitaandika baadaye, nikazichanganya na nyingine kwenye friji. Namba ya toleo ilikuwa moja, hazikutofautishika tena. Wiki hiyo hiyo Nelly, mke wa Seni wa Michenga, alijifungua, akachomwa sindano, na damu haikukata. Sikumwambia mtu.

Tangu tulipomzika, kila mzigo ukifika Seni anakuja kusimama mlangoni. Haulizi kitu. Kivuli chake kinaingia hadi kwenye rafu, nami napoteza hesabu. Nikifungua friji nahisi mtu kasimama nyuma yangu, na si Seni. Naogopa, sifichi.

Siku hiyo alikuja tena. Dereva alipoondoka, uvumilivu ukanishinda.

"Seni, sema unachotaka!"

Alishtuka, akavua kofia. "Maboksi matupu tu, dada. Ya kubebea vifaranga. Naona haya kukuomba ukiwa unahesabu."

Kumbe hakujua lolote. Ningempa maboksi akaenda zake. Badala yake nilivuta faili la masika, nikamfungulia ukurasa, nikamweleza yote, hata zile kumi nilivyozigusa. Kisha nikakaa chini sakafuni.

Seni aliweka kidole kwenye ule mstari, akausoma polepole mpaka mwisho. Nilisubiri anipige.

"Nelly alichomwa ipi?" akauliza. "Katika zile kumi, au katika zile nzima?"

Nikatazama karatasi. Arobaini, tiki, saini yangu.

"Sijui, Seni. Sikuandika."