Jibu la Katibu wa Gwarama

Isihaka alisoma majibu ya wakulima kama anayesoma barua za mapenzi. Kila jibu lenye adabu aliliona limempenda yeye.

"Huyu amesema sawa," aliniambia. "Weka kwenye Anataka."

Nikaweka. Yeye ndiye meneja, kaletwa Kasulu kutoka Dar es Salaam, na wiki tatu zilimtosha kuwajua watu wa huku kuliko sisi tuliozaliwa nao.

Ofisi yetu ina vyumba viwili nyuma ya soko. Tunauza mashine za kupukuchua mahindi, na mwezi wa tano tulituma ujumbe kwa viongozi wa vikundi mia na ishirini vya wakulima, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Kakonko. Yakarudi majibu sitini na tatu. Kazi yangu, mimi Vestina Niyonsaba, ilikuwa kuyapanga kwenye kompyuta katika mafungu manne. Anataka: mpigie leo. Baadaye: andika tarehe aliyoitaja, umpigie siku hiyo, si kabla. Siye: umempata mtu asiyehusika, basi muulize anayehusika ni nani. Hataki: mshukuru, umwache. Fungu hilo la mwisho nililitengeneza mwenyewe. Ukiliweka jina humo, kompyuta inatuma ujumbe, "Asante kwa jibu lako, hatutakusumbua tena," na namba hiyo haipati kitu chetu tena. Nilijivunia sana utaratibu ule.

Makao makuu Mwanza walikuwa wameshasema wazi. Mwezi ukiisha bila kikundi hata kimoja kusaini oda, ofisi ya Kasulu inafungwa. Isihaka angerudi alikotoka na mshahara wake. Mimi ningerudi kwa mama yangu kupalilia maharage.

Ungedhani mtu aliye katika hali hiyo angeshughulikia majibu kwa makini. Isihaka alikuwa anahesabu tu. Aliyeandika "nitafuteni tukishauza maharage, mwezi wa sita" alimpigia mchana uleule, akakatiwa simu, akamwita mjinga. Aliyeandika kwamba yeye si mwenyekiti tena, na kutupa namba ya mwenyekiti mpya, Isihaka alitaka kumfuta. Namba ile mpya niliiokoa mimi, kimyakimya.

Kilichonichosha kabisa ni wale wa "Sawa. Tumepokea. Mungu awabariki." Walikuwa zaidi ya thelathini.

"Bosi," nilimwambia, "hawa hawataki. Huku mtu hakukatalii usoni. Anakubariki, anaendelea na shughuli zake. Tuwaulize kwanza tuje kwao siku gani. Atakayetaja siku ndiye anataka."

Alicheka, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. "Dada Vestina, wewe andika. Kufikiri niachie mimi."

Maneno hayo yaliniuma mpaka usiku. Mtu hajui hata mahindi yanavunwa lini, halafu anakuachia kalamu tu! Nikaapa sitafungua tena mdomo wangu kwa ajili yake.

Basi akaripoti Mwanza kwamba wanaotaka ni arobaini na mmoja. Mwanza wakafurahi, wakakubali kuleta mashine ya maonyesho, mara moja tu, Jumamosi, uwanjani Kibondo. Tukatuma mwaliko. Majibu yakaanza: Sawa. Tumepokea. Mungu awabariki. Isihaka akapiga mluzi.

Katikati yao likaingia moja fupi: "Hapana. Jumamosi hatutakuja. Kipriani, katibu, Gwarama."

"Hataki," akasema Isihaka.

Namjua Kipriani. Kikundi chake kina wanachama thelathini na wanane, mahindi yao hayajawahi kukosa mnunuzi, na wote ni Wasabato, kuanzia mwenyekiti hadi mlinzi wa ghala. Jumamosi hawashiki jembe, sembuse kwenda kutazama mashine. Ile "hapana" ilikuwa ya siku, haikuwa ya mashine. Wala hakuwa na haja ya kueleza, maana huku nani asiyejua? Katika majibu yote yale, hilo ndilo lilikuwa la mtu aliyeufikiria mwaliko wetu kwa dhati. Lilistahili simu moja: "Basi katibu, tuje Jumapili?"

Nilimtazama Isihaka. Alikuwa anajichokonoa meno. Nikasema moyoni, si ulisema kufikiri nikuachie wewe? Fikiri.

Nikaliweka kwenye Hataki kwa mkono wangu. Kompyuta ikatuma shukrani zake.

Jumamosi nilikwenda Kibondo na furaha mbaya. Isihaka alivaa koti. Mashine ikashushwa, ikapakwa mafuta, ikawashwa, na hapo ndipo ikajulikana kwamba hakuna mahindi ya kupukuchua, kwa sababu meneja alidhani wakulima watakuja nayo. Walikuja watu watatu. Mmoja alitaka kuchaji simu. Wa pili alikuwa yule mwenyekiti mpya niliyemwokoa, akasema ni nzuri, wataitazama msimu ujao. Wa tatu alidhani ni mkutano wa injili, akakaa mpaka mwisho kwa heshima.

"Wale arobaini wako wapi?" Isihaka aliniuliza. Jasho lilikuwa limemlowanisha kola.

"Walikubariki," nikamjibu. Sijawahi kufurahia jibu langu kama siku ile.

Jumatatu asubuhi Kipriani mwenyewe akaingia ofisini Kasulu, kofia mkononi.

"Mwakeye," akatusalimu, akaketi. "Nimekuja chuoni kumwona binti yangu, nikasema nisipite bila kuwasalimu." Akatoa simu, akamwonyesha Isihaka ujumbe wetu. "Mliniandikia hamtanisumbua tena. Sisi tulikaa Alhamisi, tukakubaliana wote kuinunua. Tulikuwa tunangoja mtupe siku nyingine. Ulipokuja huu tukasema, aa, hawa hawatutaki. Jana amekuja muuzaji wa Kahama, tumesaini naye."

Isihaka aliusoma mara mbili. "Lakini ulisema hapana."

"Nilisema Jumamosi hapana. Sisi ni Wasabato, bwana meneja."

Isihaka akamrudishia simu yake. Nilingoja aanze kujitetea, ili nimdharau vizuri zaidi. Badala yake aliniuliza taratibu, "Vestina, hilo mimi sikulijua. Wewe ulilijua?"

Kipriani akanigeukia. "Huyu? Huyu ni mtoto wa Niyonsaba. Harusi ya mama yake mdogo tuliifanya Jumapili, kanisani kwetu."

"Nililijua," nikasema.

Hakuna aliyenigombeza. Kipriani alitazama kofia yake, Isihaka akatazama dirishani. Nilitamani sana mmoja wao anitukane. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemhesabu Isihaka kuwa mpumbavu, na kumbe upumbavu wake ungetibika kwa sentensi moja, ambayo nilikuwa nayo mimi, nikaibana kwa kiburi. Nikajidharau kama sijawahi kumdharau mtu.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Nikaitoa namba ya Kipriani kwenye Hataki, nikaandika ujumbe kwa mkono wangu. Nilimwomba radhi. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba mashine ya pili tungewapa kwa bei nafuu, tuje Jumapili au siku yoyote watakayoitaja wao.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Isihaka aliinama juu ya bega langu kulisoma.

"Sawa. Tumepokea. Mungu awabariki."

"Dada Vestina!" alisema, na sauti yake ilikuwa na matumaini ya kweli, maskini. "Huyu anataka!"

Sikumcheka. Nililiweka jibu mahali pake, kwenye Hataki, nikaanza kukusanya vitu vyangu mezani.