Deni la Kiwanja cha Patrisi

Barua ilikuwa na jina la Patrisi, lakini mjumbe aliileta mgahawani kwa Blandina, kwa sababu kiwanja kilichotajwa ndicho mgahawa huo ulichojengwa juu yake. Kodi ya kiwanja haijalipwa tangu mwaka 1971. Pamoja na adhabu ya kuchelewa, jumla ni shilingi mia nane na hamsini na mbili. Zisipolipwa katika siku thelathini, hatua zitachukuliwa ili milki ifutwe.

Blandina aliisoma mara tatu huku chai ikimwagikia motoni. Kiwanja alikinunua kwa Patrisi mwaka 1976. Siku ile Bibi Katarina, mama yake Patrisi, alipulizia pombe ya asali kwenye kizingiti kubariki mauzo mbele ya wazee, kondoo akachinjwa, balozi wa nyumba kumi akagonga muhuri kwenye karatasi. Karatu nzima ikajua nyumba ni ya Blandina. Hakuna aliyekumbuka kwenda ofisi ya ardhi.

Alipanda basi hadi ofisi hiyo, Mbulu. Karani alifungua faili, akaligeuza ili Blandina aone mwenyewe.

"Hapa yupo Patrisi. Wewe dada hatukujui."

"Lakini miaka mitano ya hilo deni ni yake. Mimi nimenunua juzijuzi."

"Hayo mtagombana wenyewe. Sisi tunadai kiwanja. Na uhamisho wa milki haupelekwi kuombewa kibali mpaka deni liishe."

"Nikilipa?"

"Risiti inaandikwa jina lililo kwenye faili."

Blandina alitoka bila kuaga. Alimpata Patrisi kwao Baray, kwenye shamba la vitunguu, maji yakimfika vifundoni.

"Sina hata senti, shemeji," alisema Patrisi. "Lipa, halafu nitasaini."

"Saini kwanza."

"Nisaini, usilipe, nibaki na deni la nyumba ya mtu? Unaniona mjinga?"

"Na nikilipa usisaini?"

Patrisi alicheka, akainama kuziba mfereji. Blandina alijua kwa nini anakwepa: kulikuwa na mfanyabiashara wa malori aliyekitaka kiwanja kile cha barabarani, na alikuwa akitaja bei mara mbili ya ile aliyotoa yeye.

Bibi Katarina alikuwa amekaa ukingoni akifunga vitunguu mafungu mafungu. "Asaini kwa hakimu," alisema bila kuinua kichwa. "Karatasi nitashika mimi. Pesa ikiingia dirishani kwa karani, hiyo karatasi naitoa mimi."

Wote wawili walikubali, kila mmoja akidhani bibi yuko upande wake.

Blandina aliuza ng'ombe wake mtamba aliyekuwa akifugwa kwa rafiki yake Ngoitiko, kule Kakesio. Siku ya ishirini na nane walikutana Mbulu. Mbele ya hakimu Patrisi alisaini fomu ya uhamisho, Blandina naye akasaini, muhuri ukagongwa. Bibi akaikunja fomu, akaifunga kwenye ncha ya khanga.

Dirishani, karani alihesabu noti, akarudia. Risiti ilipochanwa kitabuni, Patrisi aliipokea yeye, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Aliisoma polepole. Kiwanja sasa hakikuwa na deni, na mbele ya serikali kilikuwa chake.

"Mama," alisema, "hiyo fomu nipe kwanza. Tuitafakari nyumbani."

"Patrisi!" Blandina aliita. Sauti yake ilikuwa kubwa hata watu wa kwenye benchi wakageuka. Hakuwa amezoea kuisikia hivyo. "Nimeuza ng'ombe wangu. Nimelipa na miaka yako."

"Sijakataa, shemeji. Nimesema tutafakari."

Alinyoosha mkono. Bibi Katarina alianza kufungua fundo la khanga. Vidole vilikuwa vizito, fundo halikutaka. Blandina aliviangalia vile vidole. Mama ni mama wa mtoto wake.

"Asali ile niliipuliza kwa mdomo wangu huu," bibi alisema hatimaye. "Unataka nirudi Karatu nikailambe kwenye kizingiti, watu wakiniangalia?"

"Mama, yule wa malori..."

"Lori nitalipanda mimi?"

Alimpita mwanawe, akaisukuma fomu chini ya waya wa dirisha. Patrisi alibaki na mkono hewani, kisha akaushusha, akampa Blandina risiti bila kumtazama usoni.

Karani aliambatisha fomu kwenye faili. "Kibali kinachukua miezi, dada. Usije kila wiki kuniuliza."

"Siji."

"Jina lako kamili?"

Alilitaja. Karani alichukua penseli, akaliandika chini ya jina la Patrisi. Wino ungesubiri kibali. Blandina alisimama pale pale mpaka alipomaliza herufi ya mwisho.