Kufuli la Namba Saba

Yaani nilishuka Kibondo na habari imenijaa mdomoni. Nimepata kazi. Shirika moja kule Kasulu, afisa wa vikundi vya kuweka na kukopa, naanza tarehe moja Novemba. Sikumpigia mama simu kwa sababu nilitaka nimwambie nikimwangalia usoni. Kwenye bodaboda mpaka Kitahana nilimsimulia dereva kila kitu, mpaka rangi ya pikipiki ya ofisi. Yeye kimya tu. Kumbe alikuwa anajua. Kitahana nzima ilikuwa inajua. Mama alikuwa ameanguka jana yake kwenye shamba la maharage, presha, na simu yangu ilikuwa haina chaji.

Sikulia. Watu walikuwa wananiangalia, nikawa najiangalia na mimi, naona msichana ameshika begi. Walipofungua jeneza nimuage, mama ameshika rozari yake ya mbao, na katikati ya shanga kuna kifunguo kidogo cha njano. Nilikiona kama unavyoona kifungo cha shati la mtu usiyemjua. Wakafunika. Tukazika Jumatano.

Ijumaa mchana akaja Mama Kudra, mwenye duka la vitenge, ndiye mwenyekiti wa kikundi chao, Tuungane. Akakaa kwenye mkeka, akaomba dua yake kwa sauti ndogo, halafu akasema, "Ange mwanangu, naomba ule ufunguo wa mama yako. Kesho tuna kikao."

Kikundi kina watu ishirini na watano. Kila Jumamosi unanunua hisa, moja elfu mbili, mwisho tano, na unatoa mia tano ya mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa. Hela ya hisa wanakopeshana wenyewe kwa wenyewe, riba inarudi humo humo, Desemba wanavunja, kila mtu anaondoka na akiba yake na faida kulingana na hisa zake. Sasa ilikuwa Oktoba, mikopo inarejeshwa, hakuna mpya inayotoka, kwa hiyo sanduku lilikuwa zito. Ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Linakaa kwa mzee Hashimu, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Funguo wanazo watu watatu: mama, Faudhia mshona nguo, na Nestori wa mashine ya kusaga. Mmoja akitaka kuiba hawezi, na wawili nao hawawezi.

Hayo niliyaandika kwenye mtihani chuoni nikapata A.

Tulitafuta kwenye begi, chini ya godoro, kwenye kopo la chumvi. Mama Ntirampeba, jirani yetu aliyemvisha mama, akatuangalia weee, mwisho akauliza, "Ule mdogo wa njano?"

"Huo huo," Mama Kudra akasema.

"Ulikuwa kwenye rozari. Nilidhani wa sanduku lake la nguo. Nikasema mtu aende na kitu chake."

Mimi nikacheka. Kilitoka tu, kama kikohozi. Mama Kudra akanishika goti.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Wanakutana nyuma ya mashine ya Nestori, wanakaa kwa namba, na kila mtu anaitwa kwa namba yake. Kigoda cha saba, cha mama, kilikuwa wazi. Nikasimama pembeni.

"Mwakeye," nikawasalimu. Wakaitika, lakini macho yao yalikuwa kwenye sanduku.

Athuman, muuza mafuta ya mawese, akanong'ona kwa sauti ambayo hata viziwi wangesikia, "Si tufukue tu?"

"Athuman, funga mdomo wako," Mama Kudra akasema.

"Nauliza tu, mama."

Nestori hakuwa anatania. Alisimama na ufunguo wake mkononi. "Mimi wangu huu hapa. Faudhia wake ule. Wa tatu uko wapi? Unaambiwa uko kaburini. Nani aliuona? Huenda ulipotea zamani, ukaokotwa, ukachongwa wa pili. Hawa ndugu zetu waliotoka kambini tunawapenda, lakini mtu aliyezoea kuhamahama..." Akaishia hapo.

Mama aliingia nchi hii mkimbizi, na mimi mgongoni. Uraia wake uko kwenye fremu ukutani. Nilitaka kumwambia Nestori hayo, na kwamba hata kama ufunguo mmoja ungechongwa bado kuna wako, mzee. Mdomo haukufunguka. Mimi ninayeongea mpaka na madereva.

Faudhia akamsemea mama. "Kaka Nestori, kwa hiyo na mimi nimeiba? Maana bila wangu halifunguki. Na bila wako pia."

Watu wakaguna. Nestori akakaa. Lakini lile neno lilikuwa limeshatoka, na niliona sura zao: wanangoja sanduku liseme kama mama, Rosa wao, alikuwa mwizi. Kama hela ingepungua hata elfu moja, jina la mama lingebaki hivyo mpaka wajukuu.

"Tutakata kufuli," Mama Kudra akasema. "Mbele ya wote. Ila kwanza salio."

Kila kikao kikiisha hutangaza kilichobaki sandukuni, wote wakakishika kichwani. Kikao kinachofuata, kabla ya kufungua, wanatajwa watu wachache wa kukisema. Daftari linaweza kufutwa, vichwa ishirini na vitano si rahisi.

"Namba kumi na mbili. Mfuko wa jamii."

"Tisini na tatu elfu," Athuman akasema.

"Sawa," wakaitika.

"Namba saba. Mfuko wa hisa."

Ilimtoka kwa mazoea. Niliona Mama Kudra anaziba mdomo na mtandio. Kuku akapita.

Na mimi nilikuwa najua. Jumapili iliyopita nilimpigia mama, nataka kudokeza habari za usaili, yeye yuko kwenye kuimba salio la hisa, ananikatiza. Ngoja, nisisahau, mwanangu.

"Milioni moja, laki nane, arobaini na sita elfu, mia tano," nikasema.

"Kumbe alikuwa anaitangaza nje," Nestori akasema.

"Kwa mtoto wake," Faudhia akamjibu. "Ni hiyo au si hiyo?"

Nestori akakuna kichwa. "Ni hiyo."

Fundi wa baiskeli akaja na msumeno. Chuma kililia muda mrefu. Wahesabuji wawili wakamwaga mfuko wa bluu, wa hisa, wakahesabu kwa sauti, wakabadilishana, wakarudia. Milioni moja, laki nane, arobaini na sita elfu, mia tano. Mfuko mwekundu, tisini na tatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nestori akasema, "Haya, Rosa," kama anamruhusu apite.

Mkopo wake ulikuwa umebaki elfu arobaini na riba yake. Wakaandika kwamba utakatwa kwenye hisa zake Desemba na kinachobaki nitapewa mimi, mrithi aliyemtaja. Rambirambi, ambayo siku zote hizo ilikuwa imefungiwa humo, wakanihesabia elfu hamsini kutoka mfuko wa jamii. Kisha wote ishirini na wanne wakachanga mia tano mia tano za jamii. Kufuli jipya likafungwa. Wa kushika ufunguo akachaguliwa Athuman, kwa kuwa hana rozari, akasema mwenyewe, na mtu mmoja akacheka.

"Mengineyo?" Mama Kudra akauliza.

Nikanyoosha mkono. "Nimepata kazi Kasulu. Naanza tarehe moja."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Kufundisha watu hivi."

Wakaangalia sanduku, wakaniangalia mimi. Faudhia akafuta macho. Mimi wapi, makavu.

Halafu salio la jamii likatangazwa, wakarudia wote. Hamsini na tano elfu. Nikarudia na mimi, sina namba, sina kigoda. Njiani nikawa nalisema tena, nisisahau.