Watoto Kumi na Watatu wa Machi

"Umewala?" Daktari Mkuu aliniuliza mbele ya kikao kizima. "Ripoti ya Machi ilisema tumechanja watoto mia nne thelathini na mmoja. Leo mashine inasema mia nne kumi na wanane. Kumi na watatu wamekwenda wapi, Mama Takwimu?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mkononi mwake niliona barua ya kunihamishia stoo.

"Mwezi ukishafungwa umefungwa!" akasema.

"Unafungwa kwa ripoti, Daktari. Marekebisho yanaweza kuingia kwenye mashine baadaye. Nipe mpaka saa nane."

Nilimwomba Mungu anipe utulivu, kisha nikatoa nakala ya orodha niliyochapisha Aprili tano, siku tuliyofunga Machi. Nikachapisha orodha mpya, nikaziweka sambamba, nikapita mstari kwa mstari na rula. Dada Sindano, muuguzi wetu wa chanjo, alinisomea namba za kadi huku akitafuna karanga.

Watoto tisa walikuwa kwenye orodha mpya tu. Daftari la timu iliyochanja nje ya kituo lilichelewa kufika, wakaingizwa Aprili kumi kwa tarehe zao za Machi. Mistari ishirini na miwili ilikuwa kwenye nakala ya zamani tu. Ofisi ya juu iliifuta Aprili kumi na nne, kwa kuwa kadi hizo zilikuwa zimeingizwa mara mbili. Tisa wameongezeka, ishirini na wawili wamepungua: pungufu kumi na watatu. Hakuna mtoto aliyeliwa.

"Nani aliwaingiza mara ya pili?" Dada Sindano akauliza.

Nikamwonyesha safu ya mwisho, penye jina la aliyeingiza. Karanga zikampalia.

"Mwambie faraghani, shoga yangu."

"Nilitaka. Lakini aliniuliza mbele ya watu."

Saa nane, kikao kilipokaa tena, nikampa Daktari karatasi moja. "Tusomee, tafadhali. Sauti yako inasikika vizuri."

Akasoma kwa mbwembwe. Tisa. Ishirini na wawili. "Mistari yote iliyorudiwa iliingizwa Machi thelathini, na aliyeiingiza ni..."

Akasogeza karatasi karibu na macho.

"Endelea, Daktari," Dada Sindano akasema, macho yakiwa darini. "Utamu ndio unaanza."

Machi thelathini nilikuwa mgonjwa. Siku hiyo Daktari alikalia kiti changu na kutangaza kwamba kazi hii hata yeye angeimaliza kabla ya chai. Aliimaliza kweli, pamoja na rundo la kadi nililokwisha kuingiza jana yake.

Akakunja barua ya stoo mara nne, akaitia mfukoni. "Hesabu imekaa sawa," akasema taratibu. "Andika maelezo hayo, nitayasaini."

"Na jina la aliyeingiza niliandike?"

Akachomoa kalamu.

"Liandike. Na kesho nifundishe kutafuta kadi kabla ya kuiingiza."

Nikamwambia aje saa mbili, na asiguse kitu mpaka nifike.