Nyumba Isiyolala Mtu

Shufaa alihamishiwa Kibiti akitokea Tanga, kwenye ofisi ya wakala wa bima iliyobanwa kati ya duka la simu na mama muuza chapati. Mji ulimpokea unavyompokea kila mgeni mwenye mshahara: salamu tele, mwaliko hata mmoja hakuna. Jioni alipika wali wa mtu mmoja, na wali wa mtu mmoja haupimiki. Kila siku ulibaki.

Bosi wake, Abdulrazaq, alimpa kazi. Bima ya nyumba na vyombo ilikuwa na sehemu ya mambo yasiyolipwa, kurasa mbili za sentensi ndefu ambazo ukifika mwisho umeshasahau mwanzo.

"Ifanye orodha fupi," alisema. "Kila jambo na mfano wake. Kisha kawasomee wenye bima, tuone kama wanaelewa."

Akaifanya, tena vizuri, tusimnyime haki yake. Mwizi akikata kufuli akabeba cherehani, inalipwa. Ukiacha mlango wazi ikachukuliwa, hailipwi. Dhoruba ikiezua bati, linalipwa. Bati likioza kwa kutu, halilipwi. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku thelathini mfululizo, wizi haulipwi. Mfano, wote mmekwenda shamba.

Aliisomea kijijini Mtawanya, barazani kwa Bi Mwanamkuu, mjane mwenye bima. Wanawake waliokusanyika walicheka kwenye kutu, kila mmoja akimtazama jirani yake. Kwenye shamba hawakucheka. Msimu wa mpunga watu wa pale huteremka bondeni Rufiji, wakaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Wengine walikuwa na wa kuwaachia nyumba. Bi Mwanamkuu hakuwa naye. Yeye na mdogo wake Waride walikuwa wakilala dungu moja kila msimu tangu wafiwe na waume zao. Na safari ile, bodaboda kisha mtumbwi, magoti ya Bi Mwanamkuu yaliiweza mara moja kwenda na mara moja kurudi, basi.

"Mwaka huu siendi," alisema. "Cherehani ya marehemu imo ndani."

Waride akaenda peke yake.

Jumamosi iliyofuata Shufaa alikwenda kumjulia hali. Jumamosi nyingine akaenda bila sababu. Kijiji kilikuwa kimya, na wawili wale wakala samaki wa nazi, Bi Mwanamkuu akimsogezea minofu na kumwambia, "Kula, mwanangu, umekonda." Tangu afike Kibiti hakuna aliyeona kama amenenepa au amekonda. Akawa anaihesabu wiki kwa Jumamosi.

Abdulrazaq aliisifu orodha, akataka ikachapwe. Kabla ya kuituma, Shufaa aliilinganisha na mkataba mstari kwa mstari. Alipofika kwenye nyumba tupu, akagundua kwamba sentensi haikuishia chini ya ukurasa. Iliendelea upande wa pili: isipokuwa mwenye bima ameiarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kuondoka, na kampuni imeridhia kwa maandishi.

Alikaa ameshika karatasi. Alikuwa ameifupisha sentensi kwa kuikata mkia, na mkia ndio uliokuwa na ruhusa ya Bi Mwanamkuu. Kurekebisha orodha ilikuwa kazi ya dakika. Lakini bibi akijua, ataondoka, na Jumamosi zitaondoka naye. Aliona haya kwa wazo lile, na bado aliliwaza: mavuno si mbali, nani atajua?

Jumamosi alikwenda, akala, akanyamaza. Bi Mwanamkuu alikuwa ametazama upande wa bondeni.

"Saa hizi Waride anapiga debe kufukuza ndege," alisema. "Tulikuwa tunapokezana, mmoja apige, mwingine ajinyooshe. Sasa anajinyoosha saa ngapi?"

Shufaa akanawa mikono, akamweleza yote.

"Kumbe ningekwenda," alisema Bi Mwanamkuu.

"Ungekwenda, bibi. Kosa ni langu."

Bibi akasogeza sahani kando. "Basi andika. Hata sasa sijaondoka."

Barua ikaenda, jibu likarudi: kampuni imeridhia, kwa sharti la kufuli mbili na mtu wa kupita kuitazama nyumba kila wiki. Bi Mwanamkuu hakufikiri mara mbili. Alimkabidhi Shufaa funguo, akapanda bodaboda na kopo lake la chumvi, uso umekunjuka kama wa mwari.

Orodha ikachapwa na mkia wake: ukiaga kwa barua na kampuni ikakubali kwa barua, wizi wa kuvunja unalipwa, mfano, bibi amekwenda dungu kwa mdogo wake.

Jumamosi Shufaa alifika Mtawanya na chakula chake kwenye bakuli la mfuniko. Alipiga hodi, kwa kuwa nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi. Akasubiri kidogo. Kisha akazishika kufuli, moja baada ya nyingine, zote nzima, akakaa barazani akala.